Trei moja, wanafunzi wanne

Wenzetu mlio chuo, sisi tunaona pesa ya mandazi ya kila asubuhi afadhali mchangie trei ya mayai. Trei ina mayai 30. Mkiwa wanne, kila mtu yai moja kwa siku, wiki nzima mnakula 28, na mawili yanabaki.

Ili msichoke, badilisheni. Jumatatu na Alhamisi chemsheni, mle na viazi vitamu. Jumanne na Ijumaa kaangeni na nyanya na kitunguu, mle na chapati. Jumatano na Jumamosi changanyeni na mboga za majani. Jumapili yapikeni ndani ya mchuzi wa nyanya.

Ila tunapinga ile tabia ya kuchemsha yote siku moja eti kuokoa mkaa. Bila friji, yai la kuchemsha linaharibika haraka kuliko bichi. Lisikae nje zaidi ya saa mbili. Chemsheni ya asubuhi hiyo tu, dakika 10 tangu maji yachemke, mpaka kiini kikaze. Lenye ufa au harufu, tupeni. Ukishika yai bichi, nawa kwa sabuni kabla hujagusa chapati. Mkaa mliookoa hautawasaidia siku ya mtihani mkiwa foleni ya choo.