Ng'ombe ni walewale wanne, mali imeongezekaje?

Ukitaka kujua kama familia inasonga mbele, jumlisha mlicho nacho kwa bei ya leo, toa madeni yote, kisha rudia tarehe ileile mwaka ujao. Ukihesabu mwaka huu baada ya mavuno na mwaka ujao wakati wa kupanda, utakuwa unalinganisha ghala lililojaa na ghala tupu.

Tuchukue familia ya mfano pale Dongobesh, bei nazo ni za mfano. Mwaka jana walikuwa na ng'ombe wanne wa shilingi 600,000 kila mmoja, kilo 200 za vitunguu swaumu kwa 3,000, hisa za kikoba 500,000 na 100,000 kwenye simu. Jumla 3,600,000. Walidaiwa 700,000 za pembejeo, kwa hiyo mali yao halisi ilikuwa 2,900,000.

Mwaka huu ng'ombe ni walewale wanne, ila mnadani kila mmoja ni 750,000. Vitunguu ni kilo 150, bei 5,000. Hisa zimefika 650,000, simu ina 100,000 ileile, na deni limepanda hadi 1,200,000. Ukitoa deni kwenye 4,500,000 inabaki 3,300,000. Baba anafurahi: wamepanda kwa 400,000.

Sasa mama achukue kalamu na kuhesabu mali ya mwaka huu kwa bei za mwaka jana. Ng'ombe ni 2,400,000, vitunguu 450,000, hisa na simu 750,000. Jumla ni 3,600,000, sawasawa na mwaka jana. Toa deni, inabaki 2,400,000. Kumbe wameshuka kwa 500,000, yaani kiasi kilekile deni lilichoongezeka. Kupanda kote kuliletwa na bei, na bei ikirudi chini deni litabaki palepale. Ndiyo maana daftari linahitaji idadi na kilo pamoja na shilingi.

Ugumu mwingine uko zizini. Kwa Wairaqw ni kawaida kumkabidhi ndugu au jirani ng'ombe amtunze, naye anafaidi maziwa. Basi wa kwako aliye kwa shemeji muandike. Uliyekabidhiwa usimuandike, hata kama analala kwako miaka yote. Ndama wake je? Ulizeni makubaliano kabla ya kuandika, maana hapo ndipo familia mbili huhesabu ndama mmoja.

Bei iwe ile ambayo mnunuzi angetoa leo, ukiondoa ushuru na nauli, siyo ile unayotamani. Vitunguu vipimwe upya siku hiyo, kwani hupungua uzito ghalani. Mkopo wa kikoba uandikwe kwenye madeni hata kama hisa zako ziko humohumo. Shamba na nyumba, kama hamna mpango wa kuviuza, viandikeni ukurasa wa pembeni bila bei. Ukianza kukisia thamani ya kiwanja, kosa dogo la kukisia litafunika ng'ombe wote wanne.