Waranti Ianze Siku Mashine Inapofika Mkononi

Mwanachuo mwenzangu, ukilipia kompyuta mpakato tarehe 3 Machi ikakufikia tarehe 24, siku 21 za waranti zimeshaliwa hata hujaiwasha. Kadi nyingi huhesabu miezi 12 tangu tarehe ya kununua, yaani ile ya kwenye risiti. Mimi naona hiyo si haki: ianze siku ya kupokea. Basi kabla hujalipa, mwambie muuzaji aandike kwenye kadi tarehe ya makabidhiano na agonge muhuri.

Lebo iliyo chini ya mashine nayo isikuchanganye. MFG ni tarehe ya kutengenezwa tu. S/N ndiyo namba ya kuingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ikionyesha waranti ilianza kabla hujanunua, watumie risiti warekebishe.