Usiku Mmoja Hauwezi Kulipia Siku Nzima

Wasee, nina kilo 60 na napiga chuma. Nazidisha 60 kwa 1.6, napata gramu 96 za protini kwa siku. Kama hupigi chuma, zidisha kwa 0.8.

Zamani nilishindia chai na mandazi, halafu usiku navamia nyama nusu kilo. Makosa! Misuli inataka kulishwa kutwa.

Sasa asubuhi ni mayai matatu na glasi ya maziwa: 26. Mchana, maharagwe yaliyoiva vikombe viwili: 30. Saa kumi, njugu gramu 60: 15. Usiku, nyama iliyopikwa gramu 100: 25 tu, si 100, usijidanganye.

Jumla 96. Pesa ya poda, mimi nanunulia mayai.