"Kizazi" wodini si "kizazi" cha karatasi ya ukutani

(1)
Ndugu zangu, wiki hii nataka tuongelee karatasi za "Maswali yanayoulizwa mara kwa mara". Ziko kwenye tovuti za taasisi za umma, na nyingine zinachapishwa na kubandikwa kwenye kuta za hospitali na ofisi za kata. Nachukua huduma moja tu, cheti cha kuzaliwa, kwa sababu ndiyo tunayoulizwa kila siku wodi ya wazazi na kliniki ya mtoto huku Kibondo na Kasulu.

Msimamo wangu ni huu: maswali mengi kwenye zile karatasi hayajawahi kuulizwa na mtu yeyote. Ni vifungu vya sheria vilivyowekewa alama ya kuuliza mwishoni. Na majibu yake, hata yakiwa ya kweli neno kwa neno, yanamwambia mama kitu ambacho si kweli.

(2)
Tuanze na neno lenyewe. Sheria inaitwa Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Humo "kizazi" maana yake ni mtoto kuzaliwa. Karatasi ambayo mama anapewa baada ya kujifungua inaitwa "tangazo la kizazi".

Sasa njoo wodini. Kizazi ni kile kilicho tumboni. "Nesi, kizazi kinaniuma." "Shangazi alitolewa kizazi Kigoma mjini." "Wanasema sindano ya uzazi wa mpango inaharibu kizazi." Hiyo ndiyo maana anayokuja nayo mama kutoka kijijini. Na "tangazo" kwake ni kile kinachosomwa redioni au kupitishwa na gari la kipaza sauti.

Kwa hiyo ukimbandikia kichwa kinachosema "Usajili wa kizazi unafanyikaje?", mwenye mtoto mgongoni anapita. Haoni kama hapo pameandikwa habari za mwanawe. Akisimama, anadhani ni mambo ya uzazi wa mpango. Halafu anakuja dirishani kuuliza kitu kilekile ambacho jibu lake liko hatua mbili nyuma yake, na mhudumu anakasirika: "Si kimeandikwa pale?" Kimeandikwa, lakini hakikuandikwa kwa ajili yake.

(3)
Sasa jibu. Hapa ndipo pananiuma zaidi, nisomeeni taratibu.

Huu ni mfano nimeutunga mwenyewe, ila mliozoea hizi karatasi mtautambua mtindo:

"Je, ni utaratibu gani hutumika kusajili kizazi kilichopitiliza muda? Jibu: Kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo Sura ya 108, kila kizazi kinachotokea Tanzania Bara kinapaswa kusajiliwa ndani ya siku tisini tangu tarehe ya kuzaliwa. Endapo muda huo umepita, mwombaji atatakiwa kuwasilisha maombi kwa Msajili wa Wilaya yakiambatana na vielelezo vya uthibitisho..."

Kosa la sheria hapo halipo, siku tisini ni kweli. Lakini angalia nani anasoma, na anasoma vipi. Amesimama kwenye foleni, mtoto analia. Pengine anayesoma ni binti wa darasa la saba anayewasomea mama yake na jirani. Anasoma sentensi ya kwanza, anaanza ya pili, anaitwa. Kinachobeba safari kurudi kijijini ni ile sentensi ya kwanza peke yake, na ikifika kwenye kisima cha maji imeshakuwa fupi zaidi: "Wanasema ikipita miezi mitatu, basi."

Mwenye mtoto wa miezi saba haji tena. Habishi wala halalamiki, haji tu. Jibu sahihi kwake lilikuwa "ndiyo, bado anapata", nasi tumemfikishia "hapana".

Yule mtoto atatafuta cheti akiwa na miaka kumi na tisa, ametoka kidato cha sita na anataka mkopo wa chuo. Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA. Wakati huo kadi ya kliniki imeshaliwa na panya, mkunga amestaafu, na aliyejua tarehe vizuri alikuwa bibi.

(4)
Huo mfano mimi ningeuandika hivi:

"Mtoto wangu amepita miezi mitatu na hana cheti. Bado anaweza kupata?
Ndiyo, bado anapata. Kama hajafika miaka mitano, nenda naye kituo cha afya au kwa mtendaji wa kata, ubebe kadi ya kliniki. Cheti hicho hulipii. Kama amepita miaka mitano, nenda ofisi ya wilaya kwa msajili wa vizazi na vifo ukiwa na karatasi yoyote inayoonyesha alizaliwa lini na wapi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au cha shule. Huko kuna ada. Sheria inataka mtoto asajiliwe ndani ya siku 90, kwa hiyo usiendelee kuchelewa."

Siku tisini sijazifuta, nimezihamishia mwishoni. Sheria ipo, ila imekaa nyuma ya jibu. Aliyesoma maneno matatu ya kwanza akaitwa dirishani ameondoka na ukweli. Aliyesoma sentensi mbili anajua aende wapi na abebe nini.

(Ule utaratibu wa watoto chini ya miaka mitano kusajiliwa vituo vya afya na kwenye kata bila malipo ulianzia Mbeya mwaka 2013, ukasambaa mikoa mingine. Zamani ilikuwa lazima ufunge safari mpaka wilayani. Wazee wengi bado wanaishi kwenye ule utaratibu wa zamani, wanawaambia mabinti zao watafute nauli kwanza. Nao wanahitaji swali lao: "Lazima niende wilayani kutafuta cheti cha mtoto?")

Kuna majibu yanayoanza na "Inategemea". Hilo neno likikaa mwanzo, ujue maswali mawili yamefungwa gunia moja. Yatenganishe: aliyejifungulia hospitali ana swali lake, aliyejifungulia nyumbani au njiani ana lake. "Nilijifungulia nyumbani, mtoto atapata cheti?" Ndiyo, atapata. Ndipo umweleze aanzie kwa mtendaji wa kijiji na abebe kadi ya kliniki.

Kuna mengine jibu lake ni "hapana", na hapo waandishi wa ofisini wanaogopa, wanazunguka mbuyu. Huku mpakani mwa Burundi tunaulizwa: "Mtoto akipata cheti cha kuzaliwa, ndiyo ameshakuwa raia?" Jibu lianze na "Hapana." Kisha: cheti kinaonyesha alizaliwa wapi, lini na nani wazazi wake, mambo ya uraia yana sheria yake na yako Uhamiaji. Ukizunguka hapo kuna watu wawili unawaumiza. Mmoja anadhani ameshamaliza kila kitu. Mwingine anaogopa hata kumleta mtoto, akidhani kuomba cheti ni kujipeleka kuhojiwa uraia.

(5)
Mtaniuliza: haya maneno ya wateja unayapata wapi? Usiyatunge. Chukua daftari la kawaida, liweke pale swali linapotua kwanza: mapokezi, meza ya chanjo, kwa mlinzi getini. Mlinzi anaulizwa kuliko mganga mfawidhi, tusidanganyane. Kwa wiki mbili andika kila swali kama lilivyosemwa, usinyooshe Kiswahili. Mama akisema "nimekuja kumwandikisha mtoto", andika "kumwandikisha", usimgeuzie "kumsajili". Aliyeuliza kwa Kiha, muulize yeye mwenyewe au jirani yake wangesemaje kwa Kiswahili, ndipo uandike. Mwisho hesabu. Maswali yaliyojirudia ndiyo vichwa vyako, na pengine hayatazidi kumi.

Ila kuna mtego. Neno la mteja linafaa kwenye kichwa, lakini wakati mwingine linataja kitu kingine. Wengi wanaita ile karatasi ya wodini "cheti". Wanaihifadhi vizuri kabisa kwenye nailoni miaka na miaka, wakijua wamemaliza. Kwa hiyo kichwa kiseme kama wao: "Cheti nilichopewa wodini kinatosha?" Jibu: "Hapana. Karatasi ya wodini inaitwa tangazo la kizazi. Hicho si cheti, bali unakitumia kuombea cheti." Neno la sheria lazima aondoke nalo, kwa sababu karani wa wilayani atamwambia "lete tangazo", na asipolijua atarudishwa na nauli imeshaliwa. Lakini tumempa baada ya kumjibu, kwa karatasi aliyoishika mkononi.

Na ukishaandika, usimuulize mtu "umeelewa?" Wote watasema ndiyo, hasa ukiwa na sare nyeupe. Mpe asome au asomewe mara moja, kisha mwambie: "Mama, haya, kesho asubuhi unaenda wapi, unabeba nini, unalipa nini?" Akikosea mahali pa kwenda, sentensi yako ya kwanza ndiyo mbovu, si mama. Sisi manesi tunafanya hivyo tukimfundisha mtu kutumia dawa: arudishe maelezo kwa maneno yake. Watano wanatosha kukuonyesha palipooza.

(6)
Kaka mmoja wa idara ya sheria aliwahi kuniambia kwamba ukianza na "ndiyo" watu wanashika ndiyo na kuacha masharti. Nakubali hilo linatokea. Lakini anayekuja na ndiyo yake akiwa amepungukiwa na karatasi moja, amekuja. Karani anamwona, anamwelekeza. Aliyebaki nyumbani kwa sababu ya "siku tisini" hakuna wa kumwelekeza, na wala hatuhesabu wangapi wako hivyo.

Waingereza kwenye tovuti yao ya serikali, GOV.UK, wanashauri ukurasa wa maswali usiwepo kabisa, kila jibu likae mahali mtu anapolihitaji. Kwa tovuti sawa. Kwa ukuta wa kituo cha afya cha huku, kipande cha maswali manane yenye herufi kubwa bado kinatusaidia, mradi kiwe na tarehe ya mwisho kurekebishwa pale chini. Ada zinabadilika na utaratibu unahama kutoka wilaya kuja kata. Karatasi ya zamani yenye jibu lililonyooka ni hatari kuliko ile ya kuzungukazunguka, kwa sababu watu wanaiamini.

Kama uko kituo chochote huku kwetu, chukua kalamu nyekundu uende kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Kila jibu linaloanza na "Kwa mujibu wa", pigia mstari mpaka utakapolikuta jibu lenyewe, kisha uniandikie hapo chini umepiga mistari mingapi. Jumapili naendelea na swali la mama ambaye baba wa mtoto hayupo, maana hilo lina mambo yake.