Kabla ya Kugandisha, Tuchemshe

Ndugu zangu wa Makongeni, Landless na Kiandutu, mnaouza barafu za shilingi kumi watoto wakitoka shule, nawaomba jambo moja kabla hamjafungua friza: chemsheni.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba baridi huua vijidudu. Haiviui. Huvilaza tu, na vingi huamka barafu ikiyeyuka mdomoni mwa mtoto. Sisi wa Kiambu hatuna haja ya kuhadithiwa: Oktoba 2022 kipindupindu kilianzia kaunti hii hii kabla ya kusambaa kwingine nchini.

Jirani yangu hutengeneza barafu za nanasi, nami nimesimama jikoni kwake nikatazama. Huosha nanasi likiwa na ganda lake, maana kisu hubeba uchafu wa nje hadi ndani. Akishalimenya na kulisaga, hulichanganya na lita mbili za maji na kikombe kimoja cha sukari, vyote sufuria moja, vikatokota vizuri dakika tatu. Ladha hukaribia ya jamu, ni kweli, lakini kilichoachwa na kisu au blenda hakimpi tena wasiwasi. Sukari haongezi, kwa sababu ikizidi barafu hubaki laini na yenye kunata hata ikilala friza usiku kucha.

Kisha huifunika sufuria na kuitia ndani ya beseni la maji baridi mpaka ipoe kabisa. Friza ndogo haina nguvu ya kuhimili kitu cha moto, na ukiilazimisha, barafu za jana ndizo zitakazoyeyuka. Humimina kwa jagi lililosuuzwa kwa maji yaliyochemka. Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri: wamechemsha kila kitu, halafu wanachota kwa kikombe kile kile cha mtungini.

Hutumia vikombe vidogo vyenye vifuniko, ambavyo huviosha na kuvirudia. Vile vijikaratasi vya nailoni tulivyozoea kufunga fundo vilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwani amri ile iligusa hata mifuko isiyo na vishikio.

Linabaki suala la stima. Zikipotea usiku na kurudi alfajiri, asubuhi utakuta barafu ngumu kama kawaida, usijue kwamba ziliyeyuka zikakaa na joto kwa saa kadhaa. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu yake, ukiache humo humo ndani ya friza. Asubuhi ukikuta sarafu imezama, barafu zako ziliyeyuka. Zimwage. Najua ni hasara ya nanasi, sukari na gesi, na inauma. Lakini zimwage kabla kengele ya shule haijalia, watoto wakaja dirishani na shilingi zao mkononi.