Rangi ikififia, usikimbilie dai

Msomaji, mama mmoja alinijia kope zimevimba na kichwa kikimwasha. Kila wiki 3 alipaka dai nywele zote, eti rangi imefifia. Dai nyingi za kudumu zina kemikali iitwayo PPD, na kadiri inavyogusa ngozi mara nyingi ndivyo hatari ya mzio inavyozidi.

Kwa maoni yangu, dai ipakwe kwenye mvi zinazoota tu. Zilizofifia zipake kondishona yenye rangi baada ya kuosha, ngoja muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha suuza. Rangi hiyo hushika juu ya unywele, hivyo hutoka polepole kila unapoosha, na mvi haizifichi vizuri.

Lakini ikiwa dai imewahi kukudhuru, mwone daktari kabla ya kutumia hata kondishona hiyo.