Keki ya Harusi: Soma Maneno Yaliyo Chini ya Picha!

Wiki hii tuko jikoni kwa mpishi wa keki, na kama wewe ni mchumba mwenye tarehe mfukoni, kaa vizuri maana hii inakuhusu.

Kuna dada mmoja wa Kinondoni alinijia na kipande cha tangazo. Juu kuna picha ya keki nyeupe ya ngazi tatu, bomba kweli kweli. Chini ya picha kuna maneno machache tu: “Inchi 12, 10 na 8. Njoo uonje vanila, ndimu, chokoleti na keki ya matunda. Ada ya kuonja 30,000/- kwa watu wawili, inakatwa kwenye oda. Weka nafasi wiki 8 kabla ya harusi.”

Dada alifuata kila neno, akaenda wiki 8 kabla. Bado akalia. Kwa nini? Tuyasome maneno hayo pamoja.

Tuanze na ladha. Alionja akiwa na mchumba wake, na hapo walifanya vema. Ukionja, anza na iliyo nyepesi: vanila, halafu ndimu, halafu chokoleti, mwisho keki ya matunda. Ukianza na chokoleti, vanila itakuwa kama mkate mkavu mdomoni. Kunywa maji katikati, na usiende umetoka kula pilau. Onja keki peke yake kwanza, kisha na aisingi yake, maana wakati mwingine sukari ya juu inaficha ubovu wa chini.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Kipande cha kuonja hutoka kwenye friji, kimetulia, kimekaza. Keki ya harusi itakaa ukumbini tangu jioni hadi MC aite “kulishana”, na nyinyi mnajua MC zetu. Aisingi ya siagi huanza kulegea hata kabla joto halijafika nyuzi 30, na Dar ya Januari hupita hapo. Kwa hiyo omba kipande cha pili, kiweke mezani kwako saa tatu bila feni. Kikianza kuteleza pembeni, ujue keki yako itainama mbele ya wakwe. Hapo zungumza na mpishi kuhusu fondanti, ile sukari inayofunikwa kama shuka. Yenyewe haiyeyuki haraka, ila ikitolewa kwenye friji kuingia kwenye hewa yetu ya pwani inatoka jasho na kung'aa. Itolewe mapema, isiguswe mpaka jasho likauke.

Sasa saizi. Picha ilimdanganya dada akadhani ngazi tatu zinalisha ukumbi mzima. Hesabu yake ni hii. Mpishi akikata vipande vya harusi, upana wa inchi moja kwa mbili, keki ya duara ya inchi 12 inatoa vipande kama 56, ya inchi 10 kama 38, na ya inchi 8 kama 24. Jumla 118. Yeye ana wageni 200. Je, aongeze ngazi mbili? Hapana, hiyo ni kutafuta sifa. Aliagiza keki moja ya bapa ya inchi 12 kwa 18, isiyo na urembo, ikae jikoni na kukatwa huko. Hiyo peke yake ni vipande 108. Ukijumlisha unapata 226, wageni wanakula, na vijana wa kugawa vinywaji nao wanapata. Bapa haina mapambo, kwa hiyo kwa kila kipande huwa rahisi kuliko ya ngazi. Ila jihadhari, zile keki ndogo za wazazi wa pande mbili ni hesabu ya pembeni. Zitaje mapema.

Tukija kwenye muda, hapa ndipo maji yalipozidi unga. Dada alitaka ngazi ya juu iwe ya matunda. Keki ya vanila au chokoleti huokwa siku mbili tatu kabla ya sherehe, basi. Ya matunda ni mwendo mwingine: inaokwa wiki 6 hivi kabla, inafungwa vizuri, na kila baada ya siku kadhaa inanyunyiziwa brandi hadi ladha zishikane. Ikiokwa juzi tu, inamong'onyoka kwenye kisu na viungo vinachoma.

Sasa piga hesabu. Ameonja wiki 8 kabla. Ana wiki 2 tu za kuamua. Yeye akapeleka majibu kwenye kamati ya harusi, na kamati ilikaa wiki ya tatu, baada ya kuahirisha mara mbili kwa sababu mweka hazina alisafiri. Aliporudi kwa mpishi zilibaki wiki 5. Matunda yameshapita. Ngazi ya juu ikawa vanila.

Halafu likaja la pili. “Dada, na ile elfu thelathini yangu?” Mpishi akageuza risiti, nyuma imeandikwa kwa kalamu: oda ithibitishwe ndani ya siku 14. Zimepita 21. Imeliwa!

Je, aliingizwa mjini? Mimi nasema nusu kwa nusu. Ada yenyewe ni haki, kwani mpishi hachomi keki nne ndogo kwa hewa, na wapo wanaozunguka kila Jumamosi kuonja bure bila hata mchumba. Lakini sharti kama hilo lilipaswa kukaa chini ya picha, sio mgongoni mwa risiti. Na dada naye alipaswa kuuliza kabla ya kufungua pochi.

Kuna maswali matatu ya kuuliza. Kwanza, inakatwa hadi lini? Pili, inakatwa kwa oda ya kiasi gani, maana wengine hawaikati kwa keki ndogo. Tatu, inakatwa wapi? Tuseme keki ni 900,000/- na advansi ni nusu. Ada ikikatwa kwenye bei yote, inabaki 870,000/-, advansi ni 435,000/-. Ikikatwa mwishoni, leo unatoa 450,000/- na siku ya kuchukua 420,000/-. Jumla ni ileile, ila kwa kamati ambayo michango bado inasuasua, 15,000/- ya leo ina uzito wake. Na ukienda na shangazi na mashoga wawili wakalipiwa zaidi, uliza kama hiyo ziada nayo inahesabiwa. Mara nyingi haihesabiwi.

Ushauri wangu: ukitaka matunda, onja wiki 12 kabla. Ukitaka vanila au chokoleti, wiki 8 zinatosha, ila kwa harusi ya Desemba au ile ya mara baada ya Pasaka, Jumamosi hugombaniwa, wahi zaidi. Kamati ikae kwanza ikupe kiwango cha pesa, ndipo uende kuonja. Yeye alianza na mdomo, akamalizia na kikao.

Dada ameolewa, keki ilisimama wima mpaka mwisho. Ila kila akiiona vanila ya juu kwenye picha za harusi, anacheka kwa uchungu. Tukutane wiki ijayo, na wewe mwenye risiti nyumbani, hebu igeuze uone nyuma!